Shajara ya mradi: kuupanga upya mwongozo wa jenereta ya petroli

Kitabu tunachokishughulikia ni mwongozo wa jenereta ndogo ya petroli ya kilowati 2.5, injini ya mipigo minne, silinda moja, ya kuwashwa kwa kamba. Ndiyo ile inayokaa nyuma ya saluni, kwenye duka la vinywaji na kwa wapiga muziki wa harusi. Kitabu kina kurasa 38 za ukubwa wa A5, kwa Kiswahili, na karibu kila kitu ndani yake ni sahihi. Shida ni kwamba kimeandikwa kwa aya ndefu, na mtu hukifungua akiwa amesimama, mkono mmoja una grisi, anatafuta jambo moja tu. Shajara hii inafuata kazi ya kukigeuza kiwe kitabu ambacho jicho linapita juu na kutua panapohitajika. Programu ni LibreOffice Writer. Atakayetumia nyingine atakuta mambo haya haya kwa majina tofauti.

3 Februari 2025: Kuchambua sentensi kabla ya kugusa mpangilio

Tulichapisha kitabu chote na kupitia kila sentensi kwa penseli za rangi nne: nyekundu kwa kitendo ambacho mtumiaji anapaswa kukifanya, chungwa kwa jambo linaloweza kuumiza mtu au kuharibu mashine, bluu kwa kipimo, na kijani kwa maelezo ya kwa nini. Kazi inachosha lakini haina njia ya mkato. Anayeanza kwa kuweka namba mbele ya aya zilizopo anapata aya zenye namba, basi.

Aya ya kuwasha injini, ukurasa wa 9, ilikuwa hivi:

> Kabla ya kuiwasha mashine ni muhimu kuhakikisha kwamba mafuta yapo katika kiwango kinachostahili kwa kuwa mashine husafirishwa bila mafuta, na mtumiaji ahakikishe mashine ipo sehemu tambarare, kisha koki ya mafuta ifunguliwe na kama injini ni ya baridi choki ivutwe, ingawa injini yenye moto haihitaji choki, halafu swichi iwekwe ON na kamba ivutwe taratibu hadi ikaze ndipo ivutwe kwa nguvu, na vifaa vya umeme visiwe vimeunganishwa wakati huo, na mashine isitumike ndani ya nyumba kwa sababu moshi wake una sumu.

Ni sentensi moja. Ikipakwa rangi inaonekana kama kitenge. Jambo linaloweza kuua watu usiku mmoja limewekwa mwishoni kabisa, baada ya injini kuwa imeshawaka. Vifaa vya umeme vinatajwa baada ya kamba kuvutwa, ingawa vinatakiwa kuchomolewa kabla. "Mafuta" yanayokuwa hayamo wakati mashine inasafirishwa ni ya injini, lakini "koki ya mafuta" ni ya petroli, na hakuna kinachomwambia msomaji tofauti.

10 Februari: Hatua zenye namba, na hatua iliyokuwa haipo

Kanuni tulizojiwekea ni chache. Hatua moja, kitendo kimoja. Sharti linatangulia kitendo: "Kama injini ni ya baridi, vuta choki", kwa sababu aliyesoma "vuta choki" kwanza ameshaivuta kabla hajafika kwenye "kama". Kitenzi kinakuwa cha kuamrisha moja kwa moja. "Ivutwe" na "ihakikishwe" zimeondoka zote, maana hazisemi ni nani avute. Matokeo, yaani kile ambacho mtu ataona au kusikia, yanakaa chini ya hatua bila namba. Na maelezo ya kwa nini yanabaki pale tu ambapo mtu asiyejua sababu angeiruka hatua.

Tulipozipanga sentensi nyekundu za ukurasa wa 9 moja chini ya nyingine ndipo pengo lilipoonekana: choki inavutwa, lakini hakuna mahali popote inaporudishwa. Ndani ya aya hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu aya inasomeka vizuri bila hicho kipande. Injini ikiendelea kukimbia choki ikiwa imefungwa, inapata petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi, plagi inashika masizi, na mara inayofuata haiwaki. Malalamiko ya "jenereta inatoa moshi mweusi" yana mstari wake katika sehemu ya hitilafu ya kitabu hicho hicho, na jibu lililoandikwa pale ni kusafisha filta ya hewa. Filta chafu kweli huleta moshi huo, ila choki iliyosahaulika ndiyo rahisi zaidi kukagua, na ilitakiwa kutajwa kwanza.

Ukurasa sasa unasomeka hivi:

Kazi ya 2: Kuwasha injini

> ⚠ HATARI
> Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huua. Weka jenereta nje, mbali na milango na madirisha. Usiiwashe ndani ya nyumba, barazani wala kwenye gereji, hata kama kuna madirisha yaliyo wazi.

1. Weka jenereta nje, mahali tambarare.
2. Pima oili (Kazi ya 1).
3. Chomoa vifaa vyote vya umeme.
4. Fungua koki ya petroli.
5. Kama injini ni ya baridi, vuta choki. Kama ni ya moto, iache.
6. Weka swichi ya injini kwenye ON.
7. Vuta kamba taratibu hadi ikaze, kisha ivute kwa nguvu. Irudishe kwa mkono, usiiachie.
   *Injini inawaka. Isipowaka, nenda Jedwali la hitilafu, mstari wa 1.*
8. Injini ikishapata moto na kukimbia sawasawa, rudisha choki taratibu.
9. Chomeka vifaa kimoja kimoja, ukianza na kile kinachovuta umeme mwingi zaidi.

Kutia oili kwa mara ya kwanza tumekuondoa hapa na kukufanya Kazi ya 1, kwa sababu kunafanyika mara moja tu na kuna vipimo vyake: lita 0.6 za SAE 10W-30, na kijiti cha kupimia kinaingizwa bila kukazwa kwenye nyuzi zake. Hilo la mwisho ndilo linalokosewa. Aliyekikaza kijiti ameingiza ncha ndani zaidi, anaona oili imefika alama ya juu wakati ukweli imepungua, na kihisi cha oili kinaizuia injini isiwake. Mtu anavuta kamba mpaka bega linamuuma, kisha anaenda kununua plagi mpya ambayo hakuihitaji.

14 Februari: Namba zinazojichanganya

Namba za kuandika kwa mkono zilidumu mpaka tulipoongeza hatua ya kwanza katikati. Namba za kitufe cha kawaida cha orodha nazo zilitusumbua kwa njia mbili. Kazi ya 3 ilianza na hatua ya 10, kwa kuwa programu iliona inaendeleza orodha ya Kazi ya 2. Tulipolazimisha ianze na 1, kila mara sanduku la onyo lilipoingia katikati ya hatua, hatua iliyofuata nayo ikarudi kuwa 1. Msomaji anayeambiwa "rudi hatua ya 4" katika ukurasa wenye mfululizo wa 1, 2, 3, 1, 2 hana pa kurudi.

Suluhisho lililokaa ni orodha moja yenye ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni kichwa cha kazi, na programu yenyewe inaandika "Kazi ya" na namba. Ngazi ya pili ni hatua, na inaonyesha namba yake peke yake bila ile ya kichwa. Kila ngazi imefungwa kwenye mtindo wake wa aya, nasi tuliiita *Kazi* na *Hatua*. Ngazi ya pili huanza upya yenyewe kila inapokutana na ngazi ya kwanza, na aya yenye mtindo mwingine katikati, kama sanduku au mstari wa matokeo, haikatizi hesabu. Tangu hapo hatujagusa namba hata moja kwa mkono.

Marejeo ya ndani tumeyaelekeza kwenye kazi nzima badala ya hatua, isipokuwa pale mtu anaporudishwa nyuma ndani ya kazi hiyo hiyo. Kazi inapewa namba mpya mara chache. Hatua zinaongezwa na kupunguzwa kila wiki.

24 Februari: Masanduku mengi kupita kiasi

Rasimu ya kwanza ya maonyo ilichukua kila sentensi yenye "usi-" ikaiwekea sanduku. Ukurasa wa kujaza petroli ukawa na masanduku saba na hatua sita. Tulimpa fundi mmoja na wauzaji wawili wa duka waufuate huku wanajaza tangi. Wote walipita masanduku yote kama mtu anavyopita mabango ya barabarani. Sanduku linafanya kazi kwa sababu ni nadra katika ukurasa, na ukurasa ule ulikuwa umeondoa unadra wenyewe.

Tukaingia kwenye ngazi nne za maneno zinazotumika katika kiwango cha Kimarekani cha ANSI Z535.6, ambacho kinahusu maonyo yaliyomo ndani ya vitabu vya maelekezo. Kinachoamua ngazi ni kile kitakachompata mtu asipozingatia:

HATARI ni pale mtu atakufa au kuumia vibaya. Kwenye kitabu chetu zimebaki mbili tu: moshi wa ekzosi, na kuunganisha jenereta kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilisha umeme. Ya pili inafaa kuelezwa. Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani. Umeme unatoka nje kupitia mita na kupanda kwenye laini, na fundi wa TANESCO anayedhani laini imekufa anaushika. Meno ya plagi ya upande wa pili nayo yako wazi yakiwa na umeme, na umeme wa gridi ukirudi jenereta ingali inakimbia, jenereta inaungua.

ONYO ni pale mtu anaweza kufa au kuumia vibaya: kujaza petroli injini ikiwa inakimbia au ingali ya moto. TAHADHARI ni majeraha madogo au ya wastani: kuungua mkono kwenye ekzosi. ILANI ni uharibifu wa mali bila mtu kuumia: kuendesha injini bila oili ya kutosha, au kuzidisha mzigo.

Kila sanduku lina mambo matatu kwa mpangilio huo huo: kitu gani ni hatari, kitafanya nini, na ufanye nini kukiepuka. Sanduku la awali lililosema "Kuwa mwangalifu na petroli" halikuwa na hata moja kati ya hayo. Lililochukua nafasi yake:

> ⚠ ONYO
> Mvuke wa petroli hulipuka ukigusa ekzosi ya moto. Unaweza kuungua vibaya au kufa. Zima injini na uiache ipoe kabla ya kufungua tangi. Usivute sigara karibu.

Mahali pake ni juu ya hatua inayohusika. Onyo linalogusa kazi nzima linakaa juu ya hatua ya 1; linalogusa hatua moja linakaa juu ya hatua hiyo. Chini ya hatua haliwekwi kamwe, kwa kuwa msomaji wa hatua kwa hatua hufanya kwanza, halafu ndipo husoma mstari unaofuata. Mengine yaliyobaki, kama "usifungue koki kwa nguvu", tuliyarudisha ndani ya hatua kama maneno ya kawaida. Ukurasa wa petroli sasa una sanduku moja la ONYO na moja la ILANI.

3 Machi: Rangi zinakufa kwenye fotokopi

Masanduku tuliyajaza rangi: nyekundu, chungwa, njano, bluu, na neno la ngazi kwa herufi nyeupe. Kwenye skrini yalipendeza. Halafu tukafanya kile ambacho kila mwongozo hufanyiwa baada ya nakala ya kwanza kupotea: tukaupeleka steshenari kutolewa fotokopi, na fotokopi hiyo ikatolewa fotokopi. Nyekundu ikawa nyeusi na kumeza maandishi yaliyokuwa juu yake. Chungwa na bluu zikawa kijivu kimoja. Njano ikatoweka kabisa, na neno TAHADHARI jeupe likatoweka nayo.

Sasa sanduku halina rangi ya ndani. Lina mpaka mweusi, pembetatu yenye alama ya mshangao, na neno la ngazi kwa herufi kubwa nzito. HATARI ina mpaka wa pointi 3, ONYO na TAHADHARI pointi 1.5, na ILANI ina mstari mwembamba bila pembetatu, kwa kuwa pembetatu imehifadhiwa kwa yanayoumiza watu. Anayetaka rangi kwenye nakala ya PDF anaweza kuzipaka kwenye mpaka. Maana haitegemei rangi. Picha tatu za kamera nazo ziligeuka weusi mtupu kwenye fotokopi, tukamlipa mchoraji shilingi 60,000 kwa michoro minne ya mistari: kijiti cha oili, koki na choki, plagi, na filta ya hewa.

Kitu kingine kilichotokea hapa: masanduku mawili yaliyofuatana yaliungana kuwa moja, kwa sababu Writer huunganisha mipaka ya aya zinazofanana. Na ukurasa wa 17 ulibaki na neno HATARI peke yake chini, maelezo yake yakiwa ukurasa unaofuata. Tuliacha mipaka ya aya na kufanya kila sanduku kuwa jedwali la chumba kimoja. Kwenye sifa za jedwali, tulizima ruhusa ya kugawanyika kati ya kurasa na kuwasha `Keep with next paragraph`, ili sanduku lisibaki chini ya ukurasa huku hatua yake ikianza juu ya ukurasa mwingine.

12 Machi: Faharasa ya maneno

Kabla ya kuandika maana ya neno lolote ilibidi kila kitu kiwe na jina moja. Kitabu kilisema "mafuta" kwa petroli na kwa oili, na "plagi" kwa ile ya kwenye silinda na kwa ile ya mwisho wa waya wa feni. "Zima injini kisha chomoa plagi" ilikuwa na maana mbili, zote zinawezekana. Tulichagua *petroli*, *oili*, *plagi ya injini* na *plagi ya waya*. Kubadilisha kwa mkupuo kupitia tafuta-na-badilisha hakukuwezekana kwa "mafuta", kwa kuwa sehemu nyingine ni petroli na nyingine ni oili. Tulipita kila moja kwa jicho. Ndiyo sehemu iliyokula saa nyingi kuliko zote katika mradi.

Kisha tukachagua maneno. Neno linaingia kwenye faharasa kama limetumika kwenye hatua au sanduku na muuzaji wa duka asiye fundi anaweza kusita akilisoma. "Kamba" haikuingia. "Choki", "koki", "kabureta", "breka", "mzigo wa kuanzia" na "kihisi cha oili" ziliingia. Kila ingizo lina sentensi moja au mbili, na namba ya kazi linapotumika:

> Choki: kilango kinachopunguza hewa inayoingia kwenye kabureta ili injini ya baridi iwake. (Kazi ya 2)
>
> Mzigo wa kuanzia: umeme ambao kifaa chenye mota, kama friji au pampu, huvuta kwa muda mfupi kinapoanza, ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule kinaouvuta kikishakimbia. (Kazi ya 2, Kazi ya 4)

Rasimu ya kwanza ya faharasa ilikuwa na kasoro ambayo si rahisi kuiona. Ingizo la "oili" lilikuwa na kipimo cha lita 0.6 na aina ya oili, huku hatua yenyewe ikisema "tia oili inayofaa". Nafasi ya kurukia cheche kwenye plagi ya injini, milimita 0.7 hadi 0.8, nayo ilikuwa kwenye faharasa peke yake. Anayefanya kazi analazimika kufungua kurasa mbili kwa wakati mmoja, mikono ikiwa na oili. Tukaweka kanuni: faharasa haina kipimo wala onyo ambalo halipo tayari kwenye hatua. Vipimo vyote vilirudi pale mkono unapovihitaji.

Faharasa iko mwisho wa kitabu, kwa alfabeti. Tuliijaribu mwanzoni, ikafukuza watu: mtu anafungua ukurasa wa kwanza akitafuta namna ya kuwasha, anakutana na orodha ya maneno. Kurasa za mwanzo sasa ni yaliyomo tu, na yaliyomo yameandikwa kwa majina ya kazi ("Kujaza petroli", "Kuhifadhi kwa zaidi ya mwezi") badala ya majina ya sehemu za mashine.

20 Machi: Kurasa na gharama

Mwongozo unaosomeka kwa haraka unakuwa mrefu zaidi. Rasimu iliyokamilika ilifika kurasa 52. Tulishuka hadi 44 kwa kuondoa maonyo yaliyorudiwa neno kwa neno kwenye sura tatu, na sura nzima ya "Utangulizi wa injini za mipigo minne", ambayo haikuwa na sentensi nyekundu hata moja.

Kijitabu cha A5 kinachokunjwa katikati na kupigwa pini hukubali hesabu ya kurasa inayogawanyika kwa nne tu. Zile 38 za zamani zilikuwa zinachapwa kama 40, mbili zikiwa tupu. Kurasa 44 ni karatasi 11 za A4 pande zote mbili, yaani nyuso 22. Kwa shilingi 100 kwa uso na 500 za kukunja na kupiga pini, nakala moja ni shilingi 2,700, dhidi ya 2,500 za kitabu cha zamani.

28 Machi: Kilichobaki wazi

Ratiba ya matengenezo bado. Kitabu kinasema oili ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi sita. Maelekezo ni sahihi, lakini jenereta hii haina mita ya saa, na hakuna anayekumbuka iliendeshwa saa ngapi wiki iliyopita. Tumeanza kujaribu ukurasa wa nyuma ya jalada wenye safu tatu za kujaza kwa kalamu: tarehe, saa za leo, jumla. Mistari miwili imechapwa tayari kwa wino mzito, penye jumla ya 20 na penye 120, kila mmoja na maneno "Badilisha oili, Kazi ya 6". Kwa karatasi ya ndani kalamu inaandika vizuri. Kwa jalada la karatasi inayong'aa wino unafutika kwa kidole, kwa hiyo ama jalada libadilishwe liwe karatasi ya kawaida nzito, au jedwali lihamie ukurasa wa 43.